Namna ya Kuendesha Kikao cha Bungua Bongo ili Watumishi Wakimya Nao Wasikike

Mada iliyotolewa mbele ya watumishi wa Kata ya Bukiriro, Wilaya ya Ngara. Imechapishwa hapa ili wananchi nao wafahamu jinsi mawazo ya kuboresha huduma zao yanavyoweza kupatikana vikaoni.

 

Nimeombwa kuzungumzia jambo moja tu, nalo ni namna ya kuongoza kikao cha kutafuta mawazo, yaani bungua bongo, ili kisiwe kikao cha watu watatu wanaosema na watu saba wanaosikiliza. Sitazungumzia vikao vya aina nyingine. Mambo yaliyokwisha kuamuliwa na sheria au na miongozo ya bajeti hayahitaji bungua bongo, na mashauri ya nidhamu yana taratibu zake. Hapa nazungumzia hali ambayo watumishi wanaona kasoro katika huduma, hawajui dawa yake, na wanakaa pamoja kuitafuta.

Kwa kuwa maneno matupu hayashiki, tuchukue mfano mmoja tuufuate hadi mwisho. Fikirieni zahanati ya kijiji. Siku ya kliniki ya watoto akina mama hufika alfajiri, na wengine huondoka saa nane mchana. Watumishi kumi wameitwa kikaoni: Mganga Mfawidhi, wauguzi watatu, mtaalamu wa maabara, wahudumu wa afya wawili, mhudumu wa usafi, mlinzi, na Mtendaji wa Kijiji. Wana saa moja.

Tuanze na hesabu ndogo. Katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja tu ndiye husema kwa wakati mmoja. Kwa hiyo dakika 60 zikigawanywa kwa watu 10, kila mmoja ana dakika 6. Lakini sote tunajua kwamba hazigawanyiki hivyo. Wakubwa watatu wakitumia dakika 45, wale saba wanabakiwa na dakika 15, yaani dakika mbili hivi kwa kila mtu. Na katika muda wote wa kungoja zamu, mlinzi na mhudumu wa usafi hawafikiri kwa uhuru: ama wanasikiliza ya wengine, ama wanajitahidi wasisahau yao. Zamu ikifika, wazo limekwisha kufifia, au mtu analiona dogo mno kulitaja baada ya hotuba ndefu ya mkubwa.

Jambo hili limechunguzwa na wataalamu. Utaratibu wa bungua bongo ulienezwa na Mmarekani Alex Osborn, aliyekuwa mtu wa biashara ya matangazo, hasa kwa kitabu chake cha mwaka 1953. Aliwataka watu waseme mengi, wasikosoane wakati wa kutoa mawazo, na wajenge juu ya mawazo ya wenzao. Ushauri huo ni mwema. Lakini mwaka 1958 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale walilinganisha vikundi vya watu wanne waliozungumza pamoja na watu wanne waliofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa. Wale waliofikiri peke yao walitoa mawazo mengi zaidi, karibu mara mbili. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walichunguza sababu yake, wakaona kwamba kubwa kuliko zote ni ile niliyokwisha kuitaja: kungoja zamu. Hofu ya kuchekwa ipo, na uvivu wa kuwategea wenzako upo, lakini foleni ya kusema ndiyo inayoua mawazo mengi zaidi.

Basi dawa yake si kuwaambia wakimya wajikaze, wala kuwaambia wasemaji wanyamaze. Dawa ni kuiondoa foleni. Na njia ya kuiondoa ni kuandika kwanza, kisha kusema. Utaratibu huu ulielezwa na Andre Delbecq na Andrew Van de Ven mwaka 1971, nao waliulenga katika upangaji wa miradi. Kwetu sisi roho yake si ngeni. Katika utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ulioanza kutumika katika halmashauri za nchi yetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wananchi hukaa kwanza katika makundi yao, wanawake kwao, wanaume kwao na vijana kwao, kabla ya kukutana wote. Sababu ni kwamba penye mkusanyiko mmoja mkubwa sauti za baadhi ya watu hazisikiki. Tulilolitambua kwa wananchi, tulitambue na kwa watumishi.

Sasa twende hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni swali. Swali pana huwapendelea wasemaji, kwa sababu mtu mwenye ulimi mwepesi anaweza kulijibu kwa robo saa bila kusema kitu. Ukiuliza, “Tuboreshe vipi huduma za afya?” utapata hotuba. Uliza hivi: “Tufanye nini sisi wenyewe, ili mama aliyefika kliniki ya watoto saa mbili asubuhi awe amemaliza kabla ya saa sita mchana?” Swali hili lina mahali, lina saa, na maneno “sisi wenyewe” yanaonyesha mpaka wa uwezo wetu. Watumishi walipate swali hilo angalau siku moja kabla. Wako watu ambao akili zao huchemka polepole kama maharage. Ukiwashtukiza hawana kitu, lakini ukiwapa usiku mmoja huja na jambo lililoiva.

Hatua ya pili ni mwezeshaji. Asiwe mkuu wa watumishi waliopo. Kwa zahanati, Mganga Mfawidhi asiongoze kikao hiki. Kiongozwe na mtu kutoka nje ya kituo, kwa mfano Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata au mwalimu. Mganga Mfawidhi naye anashiriki, anaandika kama wengine, lakini katika mazungumzo anasema mwisho. Hili si kumvunjia heshima, bali ni kuilinda heshima yake isigeuke kuwa kifuniko. Kwa mila zetu ni vigumu kijana kupinga neno lililokwisha kutamkwa na mkubwa, lakini kutaja lake kabla mkubwa hajatamka neno hakumtii mashakani. Mwezeshaji azungumze na mkuu huyo kabla ya siku ya kikao, wakiwa wawili, ili jambo lisimfike mbele ya watu.

Hatua ya tatu ndiyo moyo wa kazi. Kata karatasi za manila ziwe kadi za ukubwa wa bahasha. Mpe kila mtu kadi tano na kalamu ya rangi moja na ya wenzake. Waambie: wazo moja kwa kadi moja, kwa herufi kubwa, bila jina, na kwa dakika 10 hakuna kusema wala kuchungulia kwa jirani. Herufi kubwa na kalamu za rangi moja huficha mwandiko. Dakika hizo kumi, watu wote kumi wakifikiri kwa pamoja, ni sawa na dakika 100 za kufikiri, na hakuna aliyengoja zamu.

Hapa mwezeshaji atatamani kuvunja ukimya. Asifanye hivyo. Mara nyingi dakika tatu za mwanzo hutoa mawazo ambayo kila mtu ameyazoea, kisha watu husita na kutazama dari. Baada ya kusita huko ndipo yanapoanza kuja yale mapya, na mwezeshaji anayeongea wakati huo huyakata.

Lipo tatizo ambalo utaratibu huu unalileta wenyewe: kuandika nako kuna wasemaji wake. Mwalimu huandika upesi, lakini mlinzi huenda hajashika kalamu kwa miezi. Tena wapo wenzetu ambao mawazo yao huja kwanza kwa Kihangaza au Kishubi. Ruhusu kadi iandikwe kwa lugha yoyote, au kwa mchoro. Na asiyependa kuandika, mwezeshaji akae naye kando na kumwandikia, neno kwa neno, bila kulipamba. Usimpe mkuu wake wa kazi amwandikie.

Hatua ya nne: kusanya kadi zote, zichanganye kama karata, kisha zisome wewe mwezeshaji moja baada ya nyingine na kuzibandika ukutani. Usomaji uwe wa sauti moja kwa kadi zote, bila kutabasamu kwa hii na kukunja uso kwa ile. Kadi zinazofanana zibandikwe pamoja, na kila fungu lipewe nambari. Tuseme katika zahanati yetu zimepatikana kadi 31, zikafanya mafungu tisa.

Hatua ya tano ni kufafanua. Hapa ndipo kelele hurudi, na hapa ndipo mwezeshaji huhitaji ustadi. Kanuni ni kwamba kwanza huulizwa maana tu, si ubora. “Maneno haya yana maana gani?” ni swali linaloruhusiwa. “Hili haliwezekani” linangoja. Kila fungu lipewe dakika mbili, na yeyote aweza kulifafanua, si lazima mwenyewe.

Na msemaji wetu mkubwa je? Tusikimbilie kusema kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Mara nyingi huyu ni mtu wa miaka mingi kazini, tena ana uchungu na kazi. Hurudia neno lake kwa sababu anahofu halijasikika. Basi mwonyeshe kwamba limesikika: “Mzee wangu, neno lako limeandikwa hapa, ni nambari 3. Sasa tufafanue nambari 4.” Ukisha kuonyesha kwa kidole kadi ukutani, wengi hutulia. Akileta jambo jingine kabisa, liandike kwenye karatasi ya pembeni yenye kichwa “Mambo ya Baadaye,” na ulitaje mwishoni kama ulivyoahidi. Usimnyamazishe kwa mzaha mbele ya wadogo zake. Ukifanya hivyo umempoteza yeye, na wakimya nao wamejifunza kwamba kusema kuna hatari.

Kwa mkimya pia kuna adabu yake. Usimwite kwa jina ghafla, “Wewe huko nyuma, hujasema!” Wako wakimya waoga, wako wanaofikiri taratibu, na wako ambao kwa swali hili hawana la kuongeza. Waulize kwa kazi zao: “Nani kati yetu huwa mlangoni akina mama wanapofika?” Swali hilo linampa mlinzi haki ya kusema, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayelijua jibu.

Katika mfano wetu, mlinzi anafafanua hivi. Akina mama huanza kufika saa kumi na moja alfajiri, na wao wenyewe hujua nani ametangulia. Lakini mlango ukifunguliwa saa mbili, wote huingia kwa pamoja na mpangilio huvurugika, hivyo nusu saa ya kwanza hupotea kwa kubishana. Yeye angeweza kugawa kadi zenye nambari tangu alfajiri. Mhudumu wa usafi naye anaeleza kwamba watoto wazima waliokuja kupimwa uzito na kuchanjwa huketi benchi moja na watoto wagonjwa, na muuguzi huacha wale kwenda kwa hawa mara nyingi. Angalieni: mambo hayo mawili hayajulikani kwa mtu aliye ndani ya chumba cha uchunguzi. Waliyoyaona ni wale wenye cheo cha chini kabisa, kwa sababu ya mahali wanaposimama.

Kadi nyingine inataka kliniki ifanyike siku mbili kwa wiki badala ya moja. Wazo linapendeza, mpaka muuguzi mmoja aliyekuwa kimya anakumbusha jambo la chanjo. Chanjo ya surua na ile ya kifua kikuu zikisha kuchanganywa na maji yake hazitakiwi kutumika baada ya saa 6, na chupa moja ina dozi za watoto kadhaa. Ukiwagawa watoto wachache katika siku mbili, chupa nyingi zitamwagwa zikiwa hazijaisha. Wazo halikufutwa, lakini sasa kila mtu anajua bei yake.

Hatua ya sita ni kura, nayo ni ya siri. Kila mmoja anachagua mafungu matatu, anampa la kwanza alama 3, la pili alama 2 na la tatu alama 1, kwenye kikaratasi kinachokunjwa. Watu kumi hutoa alama 60. Tuseme matokeo ni haya: kutenganisha mstari wa chanjo na mstari wa wagonjwa, alama 17, kadi za nambari mlangoni, 15, kuomba muuguzi mwingine, 12, kutoa elimu ya afya wakati akina mama wanasubiri badala ya kusimamisha kazi zote, 9, kliniki ya siku mbili, 5, na alama 2 zilizobaki zimetawanyika.

Msitazame jumla peke yake. Tazameni pia idadi ya watu. Kadi za nambari mlangoni zimepata alama 15 kutoka kwa watu wanane, ingawa ni mmoja tu aliyeziweka nafasi ya kwanza. Muuguzi mwingine amepata alama 12 kutoka kwa watu wanne tu, na wote wanne wamempa 3. Katika kikao cha kusema, wanne hao wenye shauku wangeshika usukani, na saa nzima ingeishia kwenye ombi la mtumishi wa ziada. Ombi hilo ni halali, na liandikwe kwenda Halmashauri. Lakini halijibu swali letu, kwa sababu haliko mikononi mwa waliokaa pale, ilhali kadi za nambari zinaweza kuanza kliniki ijayo kwa gharama ya karatasi moja ya manila.

Hesabu ya muda ni hii: dakika 5 za kueleza swali na kanuni, 10 za kuandika, 10 za kusoma na kubandika, 18 za kufafanua mafungu tisa, 7 za kura na kuhesabu, na 10 za kupanga nani atafanya nini na lini. Jumla ni dakika 60.

Mwezeshaji atajuaje kama kikao kimekwenda kombo? Zipo dalili nne. Ya kwanza, kadi nyingi zinasema jambo lile lile tena kwa maneno yale yale. Jua kwamba mkubwa alikwisha kusema lake kabla, labda hata siku iliyotangulia. Ya pili, kadi ni chache na fupi; ama swali lilikuwa pana, ama watu wanaogopa mwandiko wao kujulikana. Ya tatu huonekana kwenye hatua ya kufafanua: mpe mtu mmoja karatasi yenye majina yote, aweke alama moja kila mtu anaposema. Watu watatu kati ya kumi wakiwa na zaidi ya nusu ya alama zote, mwezeshaji amezidiwa, na kikao kijacho atumie zamu ya kuzunguka, ambapo kila mtu husema mara moja kabla yeyote hajasema mara ya pili, na asiye na neno husema “napita.”

Dalili ya nne huja baada ya kikao, nayo ni mbaya kuliko zote. Uamuzi uliopigiwa kura unabadilishwa kimya kimya siku ya pili ofisini. Jambo hilo likitokea mara moja, kikao kinachofuata kadi zitakuwa tupu, na hakuna ustadi wa mwezeshaji utakaozijaza. Kwa hiyo mkuu wa kituo asiyeweza kukubali matokeo aseme mapema ni mambo gani hayamo katika mamlaka ya kikao.

Nimalize kwa upande wa wananchi. Kinga ya uamuzi ni kuuweka wazi. Karatasi moja ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa zahanati, yenye mambo matatu: lililoamuliwa, mwenye kulitekeleza kwa cheo chake, na tarehe ya kuanza. Majina ya waliotoa mawazo yasiwekwe. Nanyi mnao wawakilishi katika kamati ya usimamizi wa kituo, na mnao mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Mkifika huko msiulize tu, “Huduma zitaboreshwa lini?” Ulizeni: “Watumishi walikaa lini kutafuta mawazo, na mlinzi na mhudumu wa usafi walikuwamo?” Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mama aliyefika alfajiri na mtoto mgongoni ana haki ya kupata huduma iliyotokana na akili za watumishi wote kumi.